Nukta Iliyokaa Juu ya Mstari

Mkuu wa idara ya elimu alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko jina lake mwenyewe, nayo ni "kwa ufupi". Akikusalimia, kwa ufupi. Akikugombeza, kwa ufupi. Ofisi nzima ilimwita Kwa Ufupi, naye alijua na wala hakuudhika. Basi siku aliyokuja kusimama nyuma ya kiti cha mtakwimu wake na kuinamia kompyuta, mtakwimu alijua kabla mzee hajafungua kinywa kwamba kuna kitu kitapunguzwa.

"Hizi chuya ulizomwaga hapa ni nini?"

"Ni shule, mkuu. Kila nukta ni shule moja ya msingi. Huku chini, kutoka kushoto kwenda kulia, ni idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu. Huku pembeni, kutoka chini kwenda juu, ni wastani wa alama za darasa la mwisho. Na huu mstari mwekundu unaonyesha mwelekeo."

"Unashuka."

"Ndiyo. Wanafunzi wakizidi kwa mwalimu, alama zinashuka."

Kwa Ufupi alifurahi. Bodi ya elimu ilikuwa inakutana wiki ile kuamua kama shule zilizojaa zitaongezewa walimu, na yeye alikuwa ameomba walimu hao mpaka ulimi ukaota sugu. Alikuwa na ripoti nene ambayo hakuna mjumbe aliyeifungua. Picha moja, alisema, ingefanya kazi ambayo kurasa zimeshindwa. Ila alikuwa na sharti.

"Bodi haili nukta. Bodi inakula majina. Hizi zilizokaa mbali na wenzao, zipe majina."

Mbali na wenzao zilikuwa mbili. Moja ilikuwa chini kabisa upande wa kushoto, shule yenye wanafunzi wachache kwa mwalimu na alama za kusikitisha. Hiyo ilikuwa Shule ya Viziwi. Nyingine ilikuwa juu upande wa kulia, peke yake kama mgeni aliyewahi harusini. Shule ya Kiwandani. Watoto themanini na zaidi kwa kila mwalimu, na wastani wa alama sitini na saba mahali ambapo mstari ulitarajia arubaini na moja hivi.

"Mkuu," mtakwimu alisema, "Kiwandani mwalimu mkuu ni dada yangu."

"Namba zake umezipika?"

"Hapana. Nimezikagua mara mbili, na nimetazama miaka mitatu nyuma. Yuko juu kila mwaka."

"Basi nukta haina undugu. Iandike."

Hakuna aliyejua jinsi maneno hayo yalivyomkaa mtakwimu vizuri moyoni. Dada yake alikuwa amemlea. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemsuka nywele, aliyemchapa, aliyekaa naye mezani mpaka aelewe sehemu na desimali, kisha akaenda kufundisha watoto wa watu katika shule iliyo nyuma ya kiwanda cha saruji, ambako vumbi liliwapaka watoto mpaka kope. Maisha yake yote hakuna mtu mwenye cheo aliyewahi kumwambia hongera. Sasa jina la shule yake lingewekwa ukutani mbele ya wakubwa, juu ya wote.

Jioni ile alimpigia simu. Sauti iliyopokea ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Dada, unaumwa?"

"Koo. Nilienda kwa daktari, akaniingiza mdudu wake wa kamera mpaka huku ndani. Ana vinundu vyake amevigundua kwenye nyuzi za sauti. Anasema ninyamaze."

"Basi nyamaza."

"Nani atasema? Wewe?" Dada alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Haya, una habari gani?"

Mdogo wake akamweleza habari ya picha na ya nukta. Akategemea dada atajivuta kama kawaida yake, aseme hataki makuu. Badala yake dada akauliza:

"Watakaa wakubwa wote?"

"Wote."

"Na kikao ni cha kugawa walimu?"

"Ndiyo."

"Basi andika, mdogo wangu. Andika kwa herufi kubwa. Wakiona tumefanya haya kwa mikono mitupu, watasema hawa wakipewa walimu wawili tu itakuwaje. Wawili tu nataka. Nimpumzishe Kamba, nami nipumzike."

Kamba alikuwa mwalimu wa hesabu wa Kiwandani. Aliitwa hivyo kwa sababu alifundishia kamba: alikuwa na kamba yenye mafundo, akiwatoa watoto nje wapime uwanja, kivuli cha mlingoti, urefu wa foleni yao wenyewe. Alifika shuleni kabla jua halijachomoza, akafundisha nusu ya darasa. Mchana akafundisha nusu nyingine. Na saa ya chakula akakaa na wale waliobaki nyuma. Hakuna aliyemwagiza. Dada alikuwa amepanga shule nzima kwa mtindo huo, zamu mbili, walimu wote wakifanya kazi ya watu wawili. Siri ya ile nukta haikuwa nyingine. Ilikuwa watu wanaochoka.

Mtakwimu alijua hayo yote, na katika rasimu ya kwanza ya slaidi aliyaandika chini kwa maandishi madogo: kwamba Kiwandani walimu wanafundisha zamu mbili. Kwa Ufupi aliyafuta.

"Maandishi madogo ni ugonjwa wa macho. Utawaambia kwa mdomo."

Usiku wa kuamkia kikao alijaribu maelezo yake nyumbani. Msikilizaji alikuwa mama mkwe wake, aliyekuwa anachambua mboga mezani na ambaye hakuwahi kuona grafu maishani. Mtakwimu aliona akimwelewesha huyu, bodi ni rahisi.

"Mama, chukulia nyumba za mtaa huu. Nyumba yenye watu wengi, sabuni huisha haraka. Si kila nyumba sawasawa, lakini kwa jumla ndivyo. Mstari huu ndio hiyo 'kwa jumla'."

"Nimekuelewa."

"Sasa kuna nyumba imejaa watu, na sabuni yao haiishi. Ndiyo hii hapa juu."

Mama mkwe aliitazama ile nukta kwa makini. "Na huyu amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Amefanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa."

"Mbona basi umemtenga na wenzake ukamwandika jina? Anayeandikwa jina si ndiye anayetafutwa?"

Mumewe, aliyekuwa pembeni, alicheka, mtakwimu naye akacheka, na mboga zikaendelea kuchambuliwa.

*

Chumba cha kikao kilikuwa na pazia zito, meza ndefu na mlio wa feni ya projekta. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee mwenye karakana ya kupasua mbao, mtu wa maneno machache na kumbukumbu kali. Pembeni yake alikaa mama mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa muuguzi, na wajumbe wengine wakamwagika mpaka mlangoni.

Mtakwimu alisimama kando ya ukuta na kalamu ya mwanga. Hiki ndicho kitu alichokijua.

"Wazee wangu, mama zangu, msiogope picha hii. Kila nukta ni shule. Tukienda kulia, madarasa yanajaa. Tukipanda juu, alama zinakuwa nzuri. Mtaona zenyewe zinateremka, kutoka juu kushoto kuja chini kulia."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa.

"Mstari huu mwekundu sijauchora kwa kupenda mwenyewe. Ni ule unaopita karibu kadiri inavyowezekana na nukta zote kwa pamoja. Haugusi kila nukta. Wengine wako juu yake, wengine chini. Unatuambia hivi: wakiongezeka wanafunzi kumi kwa kila mwalimu, alama hupungua kama nne, kwa wastani. Kwa wastani. Hauapi kuhusu shule yoyote moja. Wala hausemi msongamano ndio sababu pekee, maana shule zilizojaa mara nyingi ndizo zilizokosa na vitu vingine. Lakini mwelekeo upo, na ni wa shule nyingi, si wa mbili tatu."

"Na huyu huku chini?" aliuliza mama muuguzi. "Walimu anao, alama hana. Hawa si wavivu hawa?"

Hapo ndipo mtakwimu alipokuwa amejiandaa. Usiku kucha aliiogopea Shule ya Viziwi. Aliona kabisa jinsi mtu atakavyoinyooshea kidole, na alikuwa ameapa haitaguswa. Akaeleza kwamba watoto wale hawasikii, kwamba darasa dogo kwao si anasa bali ni lazima, kwamba mtihani umetungwa kwa watoto wanaosikia, una mpaka sehemu ya imla.

"Ndiyo maana nimeiacha kwenye picha muione, lakini sikuihesabu katika kuutafuta mstari. Nukta iliyo mbali na mstari si hukumu, mama. Ni swali. Inatuambia: nendeni mkaulize kwa nini. Na hapa tumeuliza, jibu ni kwamba mtihani ndio hauwafai."

Mama muuguzi aliweka mkono kifuani. "Mtihani wa imla kwa asiyesikia! Jamani." Palepale ikapendekezwa mtihani wao utazamwe upya, na ikaandikwa. Mtakwimu alishusha pumzi. Aliyemlinda alikuwa amepona.

Kisha akasogeza mwanga juu kulia, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu na kubakiwa na ile tamu.

"Na hii ni Kiwandani. Imejaa kuliko karibu zote, na iko juu ya mstari mbali sana. Walimu wake wanafundisha zamu mbili kwa kujitolea. Ndiyo shule inayotuonyesha kwamba inawezekana."

Mwenyekiti, aliyekuwa kimya muda wote, akainua uso.

"Rudia hapo."

"Inatuonyesha kwamba inawezekana, mzee. Kwamba wakisaidiwa..."

"Inawezekana," mwenyekiti alisema polepole, kama anayeonja neno. Aliwageukia wenzake. "Mimi nina karakana. Mafundi wangu wanatumia misumeno ya aina moja. Akitokea mmoja anapasua mbao mara mbili ya wenzake, sikimbilii dukani kununua misumeno mipya. Nawauliza wale wengine mikono yao ina nini."

Kicheko kikapita mezani, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo.

"Mzee, samahani," mtakwimu alisema, na sauti ikampanda bila yeye kutaka. "Nukta moja haivunji mstari. Mstari ni wa shule zote hizi. Ile moja iko pale kwa sababu watu wake wanajiumiza. Hatuwezi kuifanya ndiyo kipimo."

"Sasa binti, wewe mwenyewe umeiandika jina. Nyingine zote hapa ni chuya, hazina jina. Mbili tu umetuandikia. Ya chini umetuambia tusiihesabu, tumekubali. Ya juu nayo unataka tusiihesabu? Basi umeiandika ya nini?"

Mtakwimu alimtazama Kwa Ufupi. Kwa Ufupi alikuwa anatazama kalamu yake.

Uamuzi ulitoka kabla ya chai. Walimu wapya wasingeajiriwa mwaka ule. Badala yake shule zilizojaa zingejifunza kwa Kiwandani. Na kwa kuwa Kiwandani kuna mwalimu hodari wa hesabu, ambaye mtakwimu mwenyewe alimtaja alipoulizwa ni nani anayefundisha hayo yote, huyo angehamishiwa makao makuu ili azunguke akiwafunza wengine. Mwalimu mkuu wa Kiwandani angeandikiwa barua ya pongezi.

Wote wakapiga makofi.

*

Mtakwimu hakulala na jambo lile. Kesho yake alimfuata mwenyekiti karakanani. Alimkuta amevaa ovaroli, vumbi la mbao kwenye nyusi, akainua mkono msumeno uzimwe. Akampa kigoda na kumsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo ilimuumiza zaidi kuliko kama angefukuzwa. Akamwambia yote: kwamba mwalimu mkuu ni dada yake, kwamba anaumwa koo, kwamba huyo Kamba ndiye nguzo, ukiing'oa paa linakuja chini.

"Pole kwa dada yako," mwenyekiti alisema. "Kweli. Lakini ngoja nikwambie kitu, kwa kuwa umekuja mwenyewe na hukutuma mtu. Sisi tuliingia mle ndani tukijua walimu hatutatoa. Hatukuwa nao. Tulichokuwa hatuna ni namna ya kusema hapana bila kuonekana wabaya. Wewe ukatupa. Tena ya heshima."

"Sikuwapa hiyo, mzee."

"Najua. Lakini ndiyo tuliyoichukua."

Akanyanyua mkono, msumeno ukawaka tena, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa Ufupi naye hakuwa na msaada. "Kwa ufupi," alisema, "tumeshindwa." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza maneno ambayo hayakuwa mafupi: kwamba yeye naye ameumia, kwamba yale maandishi madogo labda hakupaswa kuyafuta, lakini nani anasoma maandishi madogo, na ukitaka ugali utie mkono motoni, na mambo mengi ya aina hiyo. Mtakwimu alitoka akiwa anaendelea kusema.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake. Barua ya pongezi ilikuwa imemtangulia. Ilikuwa juu ya kabati, imeegeshwa kwenye kikombe, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Dada alikuwa anakunja nguo. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Kamba amekuja kuniaga," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Amelia. Mtu mzima na ndevu zake."

"Dada, mimi..."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo tunavyofundisha watoto. Mimi nimesifiwa, nikanyang'anywa kibuyu." Akacheka peke yake. "Hilo utawafundisha wewe."

"Niliwaambia nukta moja haivunji mstari. Niliwaambia wazi."

"Uliwaambia kabla au baada?"

Mdogo mtu aliitazama barua iliyoegeshwa kwenye kikombe.

"Uliwaeleza habari ya viziwi kwanza, si ndiyo? Kamba amesikia huko makao makuu. Uliwapigania kweli kweli. Ukaeleza hawasikii kwa nini, mtihani ukoje, kila kitu. Ulipofika kwangu ukasema inawezekana." Dada aliweka shati juu ya shati, akalipapasa likae sawa. "Hukuniona nahitaji kutetewa."

"Ulikuwa juu, dada. Nilidhani aliye juu..."

"Mimi ndiye niliyekwambia uandike kwa herufi kubwa. Hilo halijanitoka. Sikulaumu."

Lakini alilaumu. Ilionekana kwa namna alivyoendelea kukunja nguo zile zile, akizikunjua na kuzikunja upya, mpaka mgeni akaona ni heri aage.

*

Muhula ulipoanza dada alichukua madarasa ya Kamba mwenyewe. Walimu wengine walijitahidi, lakini moyo uliwaingia ganzi. Mmoja alisema wazi kwamba kumbe ukifanya kazi ya watu wawili malipo yake ni kubaki mmoja. Zamu ya asubuhi ikafa. Katikati ya mwaka mtakwimu alisikia kwa jirani, wala si kwa dada mwenyewe, kwamba sauti imekwisha kabisa. Simu alizompigia mara nyingi hazikupokelewa, na zilipopokelewa ulikuwa upande mmoja unaongea na upande wa pili unahema.

Kamba naye, makao makuu, alizungushwa kwenye shule na kamba yake. Alionyesha mafundo, watu wakapiga picha, na shule zile zikabaki vile vile, kwa sababu kilichofundisha Kiwandani hakikuwa kamba.

Kikao cha mwaka uliofuata kilipokaribia, mtakwimu alitengeneza picha mpya. Mstari ulikuwa karibu pale pale, mwinamo ule ule. Akaitafuta Kiwandani kwa macho pale juu kulia, akakuta peupe. Ilibidi aandike jina kwenye kompyuta ndipo nukta iwake. Ilikuwa chini, imelala katikati ya nyingine, alama arubaini na tatu, karibu kabisa na pale mstari ulipotarajia.

Alikaa akiitazama. Kazi yake ilimfunza kwamba nukta iliyopaa sana mwaka mmoja huweza kushuka mwaka wa pili hata bila kuguswa na mtu, kwa kuwa bahati nayo huwa na fungu lake. Lakini Kiwandani ilikuwa imekaa juu miaka minne mfululizo. Bahati haikai hivyo. Hata hivyo, akiulizwa athibitishe kwa nukta moja kwamba ni kuondoka kwa Kamba, au koo la dada yake, au walimu kuvunjika moyo, asingeweza. Mwenyewe ndiye aliyewaambia wasijenge hoja juu ya nukta moja.

"Hapa hakuna cha kuandika jina," Kwa Ufupi alisema akiinama nyuma ya kiti chake. Viziwi walikuwa wamepewa mtihani wao, hawakuwemo tena. "Picha imetulia mwaka huu. Nzuri."

Kikaoni alieleza nukta, akaeleza mstari. Alipomaliza mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Na yule nyota wetu wa mwaka jana, yuko wapi?"

Mtakwimu akazungushia mwanga wa kalamu nukta moja kati ya nyingi.

"Oho. Amerudi kwa wenzake."

"Hakurudi, mzee. Ameangushwa. Tuliwaondolea mwalimu wao wa hesabu na hatukuwapa mwingine. Mwalimu mkuu hana sauti. Namwambia kila mjumbe aliyemo humu, kwa kuwa mwaka jana sikusema kwa nguvu ya kutosha: ile shule haikuwa ushahidi kwamba walimu hawahitajiki. Ilikuwa watu wanaozama, mkadhani wanaogelea."

Karani wa kikao aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti kuuliza kama hayo nayo yaandikwe.

"Usiandike," mwenyekiti alisema, bila ukali. "Hilo ni jambo la kifamilia. Tuendelee."

Mama muuguzi alimtazama mtakwimu kwa huruma, na huruma ile ikamchoma, maana ilikuwa ya mtu anayemhurumia aliyejisahau mbele za watu. Wakaendelea. Walimu hawakupatikana mwaka ule pia.

Alitoka kikaoni akaenda moja kwa moja Kiwandani. Hakupita ofisini, alipitia nyuma, upande wa ukuta wa kiwanda, akasimama dirishani kwa darasa la mwisho. Watoto walikuwa wamebanana wanne wanne kwenye madawati ya watu wawili, na wengine sakafuni. Hakuna aliyekuwa anaongea. Dada yake alikuwa anaandika ubaoni, kila neno, kuanzia "habari za asubuhi" mpaka swali la mwisho, na watoto walinakili kwa kimya ambacho hakikuwa cha utiifu. Kilikuwa cha watu waliozoea msiba. Mtoto mmoja nyuma aliinua mkono kuuliza kitu. Dada alimwona, akafungua kinywa, kikatoka kitu kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Mtoto hakusikia. Akashusha mkono.

Kengele ilipogongwa watoto wakamwagika nje, na kelele zao zote za asubuhi zikatoka kwa mpigo. Dada alimwona mlangoni. Alifuta mikono yenye chaki kwenye khanga, akamsogelea mpaka karibu kabisa, kwa kuwa bila hivyo asingesikika.

"Umekuja kunipima tena?"

"Hapana, dada."

"Tuko wapi mwaka huu?"

Aliwaza kumdanganya, akashindwa. "Kwenye mstari."

Dada aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Mezani kulikuwa na madaftari ya hesabu yamepangwa mpaka kidevuni, hayajasahihishwa kwa muda mrefu. Mdogo mtu alivuta kiti, akachukua daftari la juu, akatafuta kalamu nyekundu mkobani.

Dada alimtazama kitambo. Kisha naye akakaa upande wa pili wa meza, akavuta fungu lake. Walisahihisha mchana kutwa bila neno. Kila alipokosea mtindo wa shule, dada alimnyang'anya daftari, akasahihisha mwenyewe, akamrudishia bila kumtazama usoni. Jua lilipoinama, madaftari yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu. Mtakwimu akainuka akasema atarudi kesho.

Dada alikuwa ameshageuka kufuta ubao. Hakusema aje, hakusema asije.

Akarudi kesho yake, baada ya kazi. Alikuta mlango wa darasa umefungwa kwa kufuli, na kwa dirisha akaona meza tupu; dada alikuwa ameyabeba madaftari yote nyumbani.